Kombora Linaposhuka: Mzinga wa Medani, Hawitza na Mota

Katika Fort Jesus, Mombasa, ipo mizinga miwili ya manowari iliyowahi kuwa na uadui. Mmoja ni wa meli ya Kijerumani Königsberg, mwingine ni wa meli ya Kiingereza Pegasus. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliifuma Pegasus ikiwa imetia nanga bandarini Unguja, ikaipiga kutoka mbali. Makombora ya Pegasus yalipojibu yalikuwa yakianguka majini kabla ya kumfikia adui, na meli hiyo ikazama siku hiyohiyo. Miezi kumi baadaye Königsberg nayo ikazama katika delta ya Rufiji. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake kumi, wakaipeleka bara na kupigana nayo nchi kavu.

Mtazamaji anayeuangalia mzinga wa Königsberg huona mtutu mrefu na mwembamba. Urefu huo haukuwekwa kwa ajili ya sura. Ndio unaoamua kombora litoke kwa kasi gani, lipite njia gani hewani, na mwishowe lianguke kwa mwinamo gani. Watu wengi huita kila silaha ya aina hii mzinga na kuishia hapo, lakini wapiga mizinga wamezigawa kwa muda mrefu katika koo tatu: mzinga wa medani, hawitza na mota. Vitabu vingi huzitofautisha kwa ukubwa au kwa masafa. Mimi naona hapo ndipo wasomaji wanapopotezwa. Swali la kwanza ni namna kombora linavyoshuka, na vita vya 1914 hadi 1918 vilionyesha jambo hilo waziwazi kuliko vita vyovyote vingine.

Tuanze na hesabu ndogo. Tuchukue silaha mbili walizokuwa nazo Waingereza mwaka 1914. Mzinga wao wa medani, ule wa ratili 18, ulirusha kombora la kilo 8 na kitu kwa kasi ya mita 490 hivi kwa sekunde. Hawitza yao ya inchi 4.5 ilirusha kombora la kilo 16, karibu mara mbili ya lile, lakini kwa kasi ya mita 300 tu kwa sekunde. Sasa tuseme adui yuko kilomita tatu mbele. Tukiacha kando msuguano wa hewa, mzinga wa medani unahitaji kuinuliwa nyuzi tatu na nusu tu ili kombora lifike. Linakwenda karibu limelala, na linashuka hivyohivyo limelala. Hewa halisi hulipunguza kasi na kuuongeza mwinamo wa kushuka kidogo, kwa hiyo tuseme nyuzi tano.

Adui aliyesimama wazi kwenye uwanda hana pa kukwepa. Kombora la namna hiyo hupita chini chini kwa mamia ya mita, na hata mpigaji akikosea kidogo umbali, bado litamkuta mtu. Lakini mchimbie adui huyohuyo handaki lenye upana wa mita moja. Kombora linalokuja kwa nyuzi tano likiuvuka ukingo wa mbele, kufikia ukuta wa nyuma litakuwa limeshuka sentimita tisa tu. Askari aliyechuchumaa ndani halimgusi. Lingekuja kwa nyuzi 60, katika upana uleule wa mita moja lingeshuka zaidi ya mita moja na nusu, yaani lingemfuata mpaka chini. Mlima nao hufanya kazi kama handaki. Ikiwa mteremko wa upande wa pili umelala kwa nyuzi 20 na kombora linashuka kwa nyuzi tano, mteremko ule wote ni kivuli ambacho mzinga wa medani haukifikii, hata kama kwa masafa ungeweza kufika mbali mara mbili ya hapo.

Hawitza hutatua tatizo hili kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza, mtutu wake huinuliwa juu zaidi: ile ya inchi 4.5 ilifika nyuzi 45, wakati mzinga wa ratili 18 uliishia nyuzi 16. Pili, baruti yake imefungwa katika vifungu, na mpigaji huondoa baadhi kabla ya kupakia. Ukiwa na baruti kamili, kombora la kasi ya mita 300 linafika kilomita tatu kwa mwinamo wa nyuzi tisa na nusu. Ukipunguza baruti mpaka kasi iwe mita 180, huna budi kuinua mtutu zaidi ya nyuzi 30 ili ufike palepale, na kombora linaporudi ardhini linashuka kwa ukali uleule au zaidi. Atakayerusha jiwe juu ya ukuta ili liangukie nyuma yake hatumii nguvu zake zote. Hulirusha polepole na juu. Hawitza ni silaha inayojua kupunguza nguvu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi mzinga wa medani usiinuliwe tu. Jibu liko chini yake. Mzinga unapofyatuka, mtutu hurudi nyuma kwa nguvu. Kwenye mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 wa mwaka 1897, uliokuwa fahari ya jeshi lile, mtutu uliteleza zaidi ya mita moja juu ya mfumo wa mafuta na hewa iliyobanwa, kisha ukarudi mahali pake bila magurudumu kusogea. Ndiyo maana uliweza kupiga makombora 15 kwa dakika bila kulengwa upya kila mara. Lakini ukiuinua sana mtutu huo, sehemu ya nyuma itarudi na kugonga mkia wa gari lake au ardhi. Mfaransa aliuwekea kikomo cha nyuzi 18. Kombora na baruti yake vilikuwa kitu kimoja ndani ya ganda la shaba, na hilo lilirahisisha kupakia haraka, ila lilimnyima mpigaji nafasi ya kupunguza baruti papo hapo.

Ufaransa iliingia vitani Agosti 1914 ikiwa na mizinga hiyo karibu 4,000 na hawitza chache mno. Hakukuwa na uzembe hapo. Makamanda wake waliamini vita vijavyo vitakuwa vya mwendo wa haraka, askari wakikimbiliana uwandani, na kwa vita vya namna hiyo mzinga wa 75 haukuwa na mpinzani duniani. Wiki za mwanzo ziliwapa haki kwa sehemu: vikosi vya Kijerumani vilivyokutwa vimesimama wazi viliteketea. Wajerumani walikuwa wamejiandaa kwa namna nyingine. Kila jeshi lao la divisheni mbili la wakati wa amani lilikuwa na hawitza nyepesi 36 za milimita 105 na nzito 16 za milimita 150. Mizinga ya Kifaransa iliyojificha nyuma ya vilima ilijikuta ikipigwa kutoka nyuma ya vilima vingine, nayo haina namna ya kujibu.

Kisha mahandaki yakachimbwa kutoka mpaka wa Uswisi hadi baharini, na kile kivuli cha nyuzi tano kikawa mstari wa vita wenyewe. Wafaransa walifanya jambo linaloonyesha jinsi walivyobanwa. Walitumia vibati vya chuma vya mviringo vilivyovishwa kwenye ncha ya kombora la 75, vikiitwa vibati vya Malandrin, ili hewa ilizuie kombora njiani na kulifanya lianguke kwa mwinamo mkali zaidi. Ilifanya kazi kwa kiasi, kwa gharama ya masafa na ulengaji. Walilazimika kuliharibu kombora zuri kwa makusudi ili litende kama la hawitza.

Upande wa Ubelgiji hawitza ilikuwa imeshaonyesha jambo kubwa zaidi. Mji wa Liège ulizungukwa na ngome 12 zilizobuniwa na Jenerali Brialmont mwishoni mwa miaka ya 1880, zege nene likiwa na kuba za chuma, zikikadiriwa kuhimili makombora ya sentimita 21. Ujerumani ilileta hawitza mbili za sentimita 42 za kiwanda cha Krupp, zile zilizokuja kuitwa Bertha Mnene. Kombora lake moja lilikuwa na uzito wa kilo 800 hivi na masafa yake hayakuzidi sana kilomita tisa. Masafa hayo ni madogo kwa silaha yenye uzito wa tani zaidi ya 40, ambayo ilisafirishwa vipande vipande na kuunganishwa kwa saa kadhaa kabla ya kupiga. Lakini hapakuhitajika kwenda mbali. Kilichohitajika ni kushuka. Kombora lilipanda juu sana, likageuka, likaangukia paa la ngome kwa uzito wake wote, likapenya kabla ya fataki ya kuchelewa kulilipua ndani. Zilianza kupiga tarehe 12 Agosti. Tarehe 15 jioni kombora moja lilifika ghala la baruti la ngome ya Loncin. Ngome ilipasuka kutoka ndani, watu kama 350 wakafa, na wengi wao wamezikwa chini ya vifusi vile mpaka leo. Jenerali Leman, aliyekuwa akiongoza ulinzi wa mji mzima, aliokotwa akiwa amezimia.

Mota ilikuwa silaha ya zamani kuliko hizo mbili, lakini ilikuwa karibu isahauliwe. Kwa karne nyingi ilikuwa chungu kifupi na kizito cha chuma au shaba, cha kurushia mabomu juu ya kuta za miji iliyozingirwa. Katika mahandaki ya 1914 Wajerumani walikuwa na virusha mabomu vyao tayari, na Waingereza waliokuwa mita mia moja au mbili kutoka kwao hawakuwa na cha kujibia. Hawitza zao zilikuwa nyuma mno, chache, na kupiga mahali palipo karibu hivyo na askari wako ni hatari.

Mwezi Januari 1915 mhandisi Wilfred Stokes, aliyeongoza kiwanda cha kutengeneza kreni mjini Ipswich, alibuni kitu ambacho wakubwa wa jeshi hawakukiamini mwanzoni. Kilikuwa bomba la chuma lililo laini ndani, bamba la kukalia chini, na miguu miwili mbele. Bomu halipakiwi nyuma. Linadondoshwa mdomoni, linateleza mpaka kitakoni, linagonga msumari uliowekwa pale, kibaruti chake kinawaka na bomu linaruka kutoka palepale lilipoingilia. Hakuna mfumo wa kurudisha mtutu, kwa kuwa ardhi yenyewe ndiyo inayopokea teke. Hakuna magurudumu. Silaha nzima ilikuwa na uzito wa kilo 47 hivi, nayo iligawanyika sehemu tatu za kubebwa na watu.

Bei ya wepesi huo ilikuwa masafa. Mota ya Stokes ilipiga mita 700 hivi, si zaidi. Bomu lilitoka kwa kasi ndogo, na sikuzote kwa mwinamo wa nyuzi 45 kwenda juu, mpaka 75. Ila ukifikiri vizuri, upungufu huo wa kasi una faida iliyojificha. Kombora la mzinga wa medani husukumwa kwa nguvu kali sana ndani ya mtutu, hivyo ganda lake lazima liwe nene lisije likapasukia humo. Bomu la mota halisukumwi hivyo. Ganda lake linaweza kuwa jembamba, na nafasi iliyobaki ikajazwa baruti ya kulipuka. Ndiyo maana bomu dogo la mota huumiza kuliko ukubwa wake unavyodokeza. Tena bomu linalokwenda kwa mita 75 kwa sekunde hukaa hewani sekunde kama 11 kwa nyuzi 45. Mtu aliyezoea aliweza kudondosha mabomu 25 kwa dakika, maana yake mabomu manne yalikuwa yakielea angani kabla la kwanza halijagusa ardhi. Waliokuwa chini waliyasikia yote manne na hawakujua la kukimbia liko wapi.

Askari wa mahandaki walijifunza kuzitambua silaha hizi bila kuziona. Kombora la mzinga wa medani hutoka kwa kasi kuliko sauti, ambayo huenda mita 340 hivi kwa sekunde, na likiwa karibu hufika kabla ya mlio wake, kwa hiyo anayepigwa hapati onyo. La hawitza yenye baruti ndogo huenda polepole kuliko sauti, na mluzi wake hutangulia. Bomu la mota lilionekana kwa macho mchana, likipinduka hewani, kwa sababu yale ya kwanza hayakuwa na mapezi ya kuyanyoosha. Mapezi yaliletwa baada ya vita na Mfaransa Edgar Brandt, na mota nyingi za leo zimefuata mfano wake. Shimo ardhini nalo hueleza. Lililochimbwa na kombora la njia iliyolala huwa refu, limevutwa upande mmoja, na mtaalamu akilipima hurudi kwenye ramani kutafuta lilikotoka. La mota huwa la mviringo zaidi.

Mota ina ugonjwa wake. Kwenye tope bamba huzama kidogo kila bomu linapotoka, na mlengo hubadilika bila mpigaji kugundua mpaka mabomu yaanze kuanguka kando. Kibaruti kikishindwa kuwaka, bomu hubaki kitakoni likiwa hai, na watu wawili lazima walegeze bomba, waliinamishe polepole, mmoja akilipokea bomu kwa mikono mdomoni. Kosa la kuogopwa kuliko yote ni kudondosha bomu la pili kabla ya kujua kwamba la kwanza halijatoka.

Turudi Rufiji, kwa kuwa vita vya huku viliweka kanuni hizi katika mazingira ambayo waliotengeneza silaha hawakuyafikiria. Julai 1915 manowari mbili za Kiingereza za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikatia nanga kilomita tisa au kumi kutoka Königsberg. Kati yao kulikuwa na mikoko tu. Hakuna aliyemwona mwenziwe. Waingereza walikuwa na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia kuwaambia makombora yanaangukia wapi. Wajerumani walikuwa na watazamaji waliojificha ufukweni. Tarehe 6 Waingereza walipiga mamia ya makombora na kupata mafanikio madogo, huku Mersey ikipigwa na mabaharia wake kuuawa. Tarehe 11 walirudi. Ndege iliyokuwa ikiwaelekeza ilipigwa ikaanza kuanguka, na rubani na mwenzake waliendelea kutuma masahihisho wakiwa wanashuka kuelekea majini. Siku hiyo Königsberg iliwaka, na nahodha wake Max Looff akaamuru ilipuliwe.

Mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaitengenezea magari ya magurudumu. Kwa masafa ilikuwa bora kuliko karibu kila kitu kilichokuwapo katika koloni: zaidi ya kilomita 12. Mwaka 1916 miwili iliwasumbua sana askari wa Afrika Kusini na Waingereza waliokuwa Kondoa Irangi. Mmoja uliwekwa kwenye meli Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika. Lakini ilikuwa mizinga ya baharini, iliyotengenezwa kupiga ubavu wa meli unaoonekana kwenye maji yasiyo na kilima. Porini njia yake iliyolala ilikatwa na miti na migongo ya ardhi, na uzito wake ulidai mamia ya wapagazi kuivuta kwa kamba katika njia za mchanga na tope. Nadhani hapo ndipo hesabu ya kweli ya mizinga hii ilipo, katika migongo ya watu wa nchi hii walioikokota, ambao majina yao hayakuandikwa. Kule Kahe, Machi 1916, Wajerumani walilazimika kuulipua mmoja kwa kuwa haukuweza kuondolewa kwa wakati walipokuwa wakirudi nyuma.

Mwezi huohuo meli Marie ilipenya vizuizi vya Waingereza na kufika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi. Ndani yake mlikuwa na hawitza nne za medani za milimita 105 na mizinga miwili midogo ya milimani. Hawitza hizo zilikuwa na tundu la mtutu sawa na mizinga ya Königsberg lakini masafa karibu nusu yake. Hata hivyo zilikuwa nyepesi zaidi, na ziliweza kupiga zikiwa nyuma ya kilima. Waingereza nao walipoingia mwaka wa 1917 walizipa vikosi vya KAR mota za Stokes. Bomba, bamba na miguu vilipanda vichwani mwa wapagazi na kwenda popote palipoweza kwenda mtu. Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma Novemba mwaka ule hakuwa na mzinga hata mmoja wa Königsberg. Yote ilikuwa imelipuliwa au kutekwa.

Baada ya hapo mpaka kati ya mzinga wa medani na hawitza ulianza kufutika. Waingereza walipobuni mzinga wa ratili 25 kwa ajili ya vita vya pili, waliupa baruti ya vifungu kama hawitza, mwinamo wa nyuzi 40, na masafa ya zaidi ya kilomita 12 kama mzinga. Wapiga mizinga wa Afrika Mashariki walikuwemo katika Divisheni ya 11 iliyopita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katika mvua za masika ya kule, ambako barabara ziligeuka uji na mota ilithaminiwa kwa sababu ileile ya Ruvuma: ilibebeka.

Leo majeshi mengi yamebaki na silaha moja ndefu ya milimita 155 au 122, inayopiga mbali kama mzinga na kuinuka kama hawitza, na karibu kila mahali huitwa hawitza. Mzinga wa medani kama ukoo wa peke yake umekwisha. Mota haikumezwa, kwa kuwa ndiyo pekee kati ya zile tatu ambayo kikosi cha askari wa miguu kinaweza kuifungua, kuibeba na kuanza kupiga dakika chache baada ya kufika, bila kumwomba mtu yeyote wa nyuma.